Mradi Ukivunjika: Jinsi ya Kuiandikia Timu Yako Barua Pepe, Hatua kwa Hatua

Mwongozo huu ni wa kiongozi wa timu ndogo ambaye mradi wake umefungwa kabla ya kufika ulikokusudiwa, na ambaye sasa anapaswa kuwaandikia wenzake. Barua hiyo ina kazi mbili: kukiri kwamba matokeo yanasikitisha, na kuonyesha nguvu za watu zinaelekezwa wapi kuanzia kesho. Wengi hushindwa kwa sababu huikimbilia kazi ya pili kabla ya kuimaliza ya kwanza, au huzichanganya zote mbili katika aya moja kiasi kwamba msomaji hajui kama anapewa pole au anapewa amri.

Tutafuata mfano mmoja tangu mwanzo hadi mwisho. Tuseme kampuni ya programu jijini Dar es Salaam, yenye timu ya watu wanane, imetumia miezi 14 kujenga mfumo wa kusimamia akiba na mikopo ya SACCOS. Majaribio yamefanyika katika SACCOS tatu mkoani Morogoro, ambako wanachama walirejesha mikopo yao kwa simu. Mtandao ulipokuwa mzito, mfumo wa kampuni ya simu haukupata jibu kwamba taarifa ya malipo imepokelewa, hivyo ukaituma tena. Programu ya timu yetu haikuwa ikikagua namba ya kumbukumbu ya muamala, kwa hiyo iliyaandika malipo yaleyale mara mbili. Mwanachama aliyelipa shilingi 50,000 alionekana amelipa 100,000. Mwisho wa mwezi hesabu za mfumo hazikulingana na taarifa za benki, watunza hazina wakarudi kwenye daftari, na mteja akavunja mkataba.

Hatua ya kwanza: amua nani aambiwe kwa mdomo kabla ya barua

Katika kila mradi uliovunjika wapo watu wawili au watatu ambao habari inawagusa kuliko wengine. Katika mfano wetu ni wahandisi wawili walioandika sehemu ya kupokea malipo, pamoja na mwenzao mwenye mkataba wa muda uliofungwa na mradi huo. Hao waite mmoja mmoja, au wapigie simu, kabla ya barua kutoka. Mhandisi asisome kwa mara ya kwanza, mbele ya wenzake saba, kwamba sehemu aliyoiandika ndiyo iliyoharibu hesabu. Dakika kumi zinatosha: mweleze kilichoamuliwa, mweleze barua itasema nini kuhusu sehemu yake, na umsomee sentensi hiyo kama ilivyo. Akisema si sahihi, sikiliza, kwa kuwa mara nyingi yeye ndiye anayejua vizuri kilichotokea.

Mazungumzo hayo yasichukue siku tatu. Ukipata uamuzi wa mteja Jumanne mchana, zungumza na wahusika jioni hiyo, na barua itoke Jumatano asubuhi. Ukichelewa, kundi la WhatsApp la ofisi litaifikisha habari kabla yako, tena ikiwa na chumvi. Usiitume Ijumaa jioni, maana utawapa watu siku mbili za kuizungusha kichwani pasipo mtu wa kumuuliza. Itume siku ambayo wewe mwenyewe utakuwepo ofisini hadi jioni.

Hatua ya pili: jua mipaka ya unachoweza kuahidi

Swali la kwanza litakaloingia akilini mwa kila msomaji, hata asipolitamka, ni kama kazi yake ipo. Hapa viongozi wenye nia njema hujikwaa kwa kuandika kwamba hakuna atakayepoteza ajira, wakati hawana mamlaka ya kusema hivyo. Wengine hudokeza kwamba huenda watu wakapunguzwa, wakidhani wanakuwa wakweli. Tanzania Bara, kifungu cha 38 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 kinamtaka mwajiri anayekusudia kupunguza wafanyakazi atoe taarifa ya kusudio hilo, aeleze sababu, na ashauriane na wahusika kabla ya kutekeleza. Kenya ina masharti yake katika kifungu cha 40 cha Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, likiwemo la taarifa isiyopungua mwezi mmoja. Dokezo ndani ya barua ya kufariji si utaratibu huo, na linaweza kuonekana kama uamuzi uliokwisha kufanyika.

Kwa hiyo muulize mkuu wako au ofisa rasilimali watu swali moja kabla ya kuandika: ni jambo gani kuhusu ajira lililokwisha kuamuliwa, na naruhusiwa kulisema? Jibu likiwa ni kwamba mishahara na mikataba haibadiliki hadi tarehe fulani, liandike hivyo hivyo pamoja na tarehe yake. Likiwa ni kwamba bado hakuna uamuzi, andika kwamba bado hakuna uamuzi, na utaje siku utakayorudi na jibu.

Mpaka wa pili unahusu mteja. Barua pepe ni maandishi yanayoweza kupokewa mahakamani kama ushahidi, na Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 ya Tanzania inalitambua hilo. Eleza kilichotokea kiufundi, lakini usiandike hukumu ya kimkataba kama vile "tumevunja masharti yote ya mkataba", na usimseme mteja vibaya. Andika ukijua kwamba siku moja yeye ataisoma.

Hatua ya tatu: andika kichwa cha barua na aya ya kwanza

Kichwa kiseme jambo lenyewe: "Mradi wa SACCOS umefungwa: kilichotokea na kazi ya wiki hii". Vichwa kama "Taarifa muhimu" au "Maboresho ya mpangilio wa kazi" humfanya msomaji aanze kuhofia mabaya zaidi ya yaliyomo. Achana pia na ule mwanzo wa kiofisi wa kumtaka mtu ahusike na kichwa cha habari hapo juu. Unafaa kwa kuomba likizo. Hapa unawaweka wenzako mbali wakati unaotaka wawe karibu.

Sentensi ya kwanza baada ya salamu ndiyo ibebe habari. Julai 2014 Stephen Elop, aliyekuwa akiongoza kitengo cha vifaa cha Microsoft baada ya kampuni hiyo kununua biashara ya simu ya Nokia, aliwaandikia wafanyakazi barua iliyoanza kwa salamu nyepesi, ikaendelea na aya nyingi za mkakati wa simu na bidhaa, na ndipo kule chini ikataja kwamba watu wapatao 12,500 wangepoteza kazi. Barua hiyo imebaki kuwa mfano wa namna ya kutoandika, na kosa lake halikuwa katika lugha. Lilikuwa katika mpangilio, kwani kila aya iliyotangulia ile habari iligeuka, mtu alipofika chini, kuwa ushahidi kwamba mwandishi alikuwa akizunguka mbuyu.

Baada ya habari, eleza sababu katika sentensi tatu au nne ambazo hata mhasibu wa ofisi anaweza kuzielewa. Jipime hivi: je, kila sentensi ina mtenda? "Kulijitokeza changamoto kadhaa katika utekelezaji" haina mtenda wala tendo. "Mfumo wetu uliandika malipo mara mbili kwa sababu haukukagua namba ya kumbukumbu" inavyo vyote viwili, na haimtaji mtu. Mtenda awe mfumo, timu au wewe mwenyewe. Asiwe mwenzako mmoja. Kutupiana lawama kukianzia kwenye barua ya kiongozi, kikao chochote cha tathmini kitakachofuata kitakuwa cha watu kujitetea.

Hatua ya nne: kiri masikitiko, kisha uyaache yakae

Hii ndiyo sehemu inayostahili muda wako mwingi, ingawa itakuwa fupi kuliko zote. Kanuni zake ni tatu.

Kwanza, sema ya kwako. "Nimesikitika" ni kauli unayoweza kuisimamia. "Najua nyote mmevunjika moyo" ni kuwasemea watu, na katika timu ya watu wanane yupo ambaye kwa kweli amepata ahueni kwamba mradi umekwisha, na yupo aliyekasirika, tena huenda amekukasirikia wewe. Waachie nafasi ya kuhisi wanachohisi.

Pili, taja kitu mahususi kinachokusikitisha. Masikitiko ya jumla husomeka kama rambirambi za kunakili. Katika mfano wetu kiongozi anaweza kuandika kwamba kinachomuuma ni watunza hazina wa Morogoro, ambao waliiamini timu, wakayaweka madaftari kando, kisha wakalazimika kukaa usiku wakipatanisha malipo ya wanachama kwa kalamu. Sentensi hiyo mtu mwingine hawezi kuichukua na kuiweka kwenye barua ya mradi wake, na kwa sababu hiyo inaaminika.

Tatu, usiweke "lakini" mara moja baada yake. Ukiandika "Nimesikitika sana, lakini kila jambo lina heri yake", msomaji huisoma nusu ya pili na kuifuta ya kwanza. Kadhalika methali ya yaliyopita si ndwele. Ni methali nzuri, ila mwenye haki ya kuitamka ni yule aliyeumia, na kiongozi anayeiwahi husikika kama mtu anayefunika kombe. Maliza sentensi ya masikitiko kwa nukta, anza aya mpya.

Katika aya hiyo mpya taja sehemu yako. Si kujipiga kifua wala kubeba kila kosa, kwa sababu kiongozi anayesema "yote ni makosa yangu" huwalazimisha wenzake waanze kumfariji, na mazungumzo ya kilichotokea huishia hapo. Taja uamuzi mmoja uliokuwa mikononi mwako. Katika mfano wetu, majaribio ya malipo halisi yalipangwa kuchukua wiki sita, na kiongozi akayapunguza hadi mbili ili mfumo uwe tayari kabla ya mkutano mkuu wa mwaka wa mteja. Malipo yaliyojirudia yalihitaji mwisho wa mwezi mmoja kamili ili yaonekane, na wiki mbili hazikuufikia. Ukieleza hivyo, watu wanaona kosa, uamuzi na uhusiano wa vitu hivyo viwili.

Hatua ya tano: elekeza nguvu kwenye kazi yenye jina, mtu na siku

Hapa ndipo barua nyingi hulegea. Baada ya kukiri vizuri, mwandishi huandika kwamba sasa tugeukie fursa zilizo mbele yetu, na watu hurudi mezani kwao wasijue la kufanya. Aya hii ijibu swali moja tu: mimi ninayesoma, Alhamisi asubuhi nafungua nini kwenye kompyuta?

Tafuta kazi zisizozidi tatu. Ya kwanza iwe ya kumaliza kwa heshima kile kilichovunjika. Kwa timu yetu, kazi hiyo ni kuzipatia SACCOS zote tatu orodha iliyosafishwa ya malipo, kila muamala ukiwa na namba yake ya kumbukumbu na yaliyojirudia yakiwa yamewekewa alama, ili watunza hazina wasianze upya. Kazi hii hurudisha heshima haraka kuliko hotuba yoyote, na inaweza kuisha ndani ya wiki moja.

Ya pili itumie kitu kilichobaki kizima. Miezi 14 haiishi pasipo kuacha chochote. Katika mfano wetu sehemu ya kupokea malipo, ikishafundishwa kukataa namba ya kumbukumbu iliyokwisha kuandikwa, inahitajika katika mfumo wa ada za shule ambao kampuni tayari inauhudumia. Kuwa mwangalifu hapa: kitu hicho kiwe kinahitajika kweli. Ukibuni kazi ya kuwafariji watu, wahandisi wataitambua kabla ya chakula cha mchana.

Ya tatu ni kikao cha kuchambua kilichotokea. Kiwekee siku, saa na mipaka. Siku tano hadi saba baada ya barua zinafaa, kwa sababu kesho yake watu bado wana hasira na mwezi mmoja baadaye wamesahau mpangilio wa matukio. Sema mapema kwamba kikao kitafuata mtiririko wa matukio kwa tarehe, na kwamba hakitatumika kwenye tathmini ya utendaji ya mtu yeyote. Kama huna uhakika na hilo la mwisho, liulizie kwanza. Ahadi hiyo ikivunjwa mara moja, kikao cha mradi ujao kitakuwa cha kimya.

Hatua ya sita: iunganishe barua, kisha uipunguze

Barua yote isizidi maneno 300. Ofisi nyingi zetu huandikiana Kiingereza hata pale ambapo mazungumzo yote ya korido ni Kiswahili; barua hii iandike kwa lugha ambayo timu yako hutumia inapozungumza mambo mazito. Mfano kamili ni huu:

> Kichwa: Mradi wa SACCOS umefungwa: kilichotokea na kazi ya wiki hii
>
> Wenzangu, habari za asubuhi.
>
> Jana mchana mteja ametuarifu kwamba anavunja mkataba wa mfumo wa SACCOS. Mradi umefungwa, na hatutaendelea na awamu ya pili.
>
> Sababu ni hesabu kutolingana. Mtandao ulipochelewa, taarifa za malipo zilitumwa mara ya pili, na mfumo wetu uliziandika tena kwa kuwa haukukagua namba ya kumbukumbu. Mwisho wa mwezi salio za wanachama hazikuwiana na benki.
>
> Nimesikitika. Kinachoniuma zaidi ni watunza hazina wa Morogoro, ambao walituamini wakaweka madaftari kando, kisha wakalazimika kuyarudia usiku.
>
> Mimi ndiye niliyepunguza majaribio ya malipo kutoka wiki sita hadi mbili ili tuwahi mkutano mkuu wa mteja. Wiki sita zingetuonyesha tatizo kabla ya wanachama kuliona. Uamuzi huo ni wangu.
>
> Kuanzia kesho tuna kazi tatu. Timu ya data itaandaa orodha safi ya malipo ya kila SACCOS, na tutaikabidhi Jumatano ijayo. Wahandisi wa malipo watarekebisha ukaguzi wa namba ya kumbukumbu, kisha wauhamishie kwenye mfumo wa ada za shule. Jumanne saa nne asubuhi tutakaa wote kwa saa moja na nusu kupitia matukio kwa tarehe. Kikao hicho hakihusiani na tathmini ya mtu yeyote.
>
> Kuhusu mikataba ya kazi: hadi sasa hakuna uamuzi wowote uliofanyika. Nitakutana na uongozi Ijumaa, na nitawaandikia siku hiyohiyo hata kama jibu litakuwa halijapatikana.
>
> Ahsanteni kwa usiku mliokesha mkikagua miamala kwa mkono. Nipo ofisini siku nzima leo, mlango uko wazi.

Shukrani imekuja mwishoni na inataja tendo moja lililofanyika kweli. Katika barua yako, majukumu yale yawekee majina ya wahusika. Kabla ya kutuma, isome kwa sauti. Ukijikuta unaharakisha sentensi fulani, irudie, maana aghalabu ni ile usiyoiamini. Kagua pia orodha ya wapokeaji: ukimnakili mkurugenzi mkuu, timu itadhani barua ilikuwa yake na wao wametumika kama hadhira. Muandikie mkurugenzi taarifa yake peke yake.

Hatua ya saba: soma majibu, pamoja na yasiyokuja

Majibu mafupi ya "imepokelewa, bosi" hayamaanishi kwamba barua imefanya kazi. Dalili njema ni maswali ya undani: mtu anauliza orodha ya SACCOS ya pili ianzie mwezi gani, au anapinga maelezo yako ya chanzo. Mpingaji mshukuru mbele ya wote na umwombe alete ushahidi wake kwenye kikao cha Jumanne, kwani huenda barua yako iliyasawazisha mambo kupita kiasi.

Dalili mbaya hujitokeza kimyakimya. Mtu aliyekuwa akichangia kila kitu anaacha kuandika. Wahandisi wawili wanaanza kuhifadhi picha za mazungumzo ya zamani ili wajikinge. Swali la ajira linaulizwa na kila mtu peke yake, kamwe si kikaoni. Hilo la mwisho likitokea, aya yako kuhusu mikataba haikueleweka au haikuaminika. Usisambaze barua ya pili ya ufafanuzi. Waite watu wote kwa dakika kumi, rudia kilichoamuliwa na kisichoamuliwa, na ujibu maswali ukiwa umesimama mbele yao.

Ijumaa andika ulichoahidi kuandika, hata kama ni mistari miwili. Jumatano inayofuata, orodha ya kwanza ya malipo inapotumwa Morogoro, wawekee timu nzima nakala ya barua ya kukabidhi. Ikiwa siku hiyo imefika na orodha haijaanza kuandaliwa, tatizo haliko tena kwenye barua. Kaa na timu ya data uone kinachowazuia, kwa kuwa huenda ni ruhusa tu ya kuingia kwenye kanzidata ambayo mteja aliifunga siku alipovunja mkataba, na wa kuiomba ni wewe.